PDF yenye picha ndani si vekta: faili la logo la kumpa mchapaji

Swali: "Nimetengeneza logo ya mteja, nikampa PNG na PDF. Mtu wa uchapaji kazirudisha, anasema PDF yangu ni picha tu, anataka vekta. Mimi nilijua PDF ndiyo vekta. Sasa nimpe faili gani?"

Mkuu, mpe PDF ya vekta, na huyo mchapaji mshukuru, kwa sababu amekuokoa kabla wino haujagusa karatasi. PDF ni kama bahasha. Ukitia mchoro wa vekta inabeba vekta, ukitia PNG inabeba PNG ileile, na kwa nje zote mbili zinaishia na herufi hizohizo tatu. Ukitengeneza logo kwenye Photoshop kwa brashi, au ukibandika PNG kwenye ukurasa kisha ukahifadhi kama PDF, hujabadilisha chochote ndani.

Nimefanya kazi upande wa usanifu na pia upande wa kuandaa mafaili kabla hayajaingia mashineni, na hili la PDF ndilo nililoliona likirudiwa kuliko jingine lolote. Kuligundua ni rahisi. Fungua faili, kuza mpaka mwisho, asilimia 6400 kama programu inaruhusu, kisha tazama ukingo wa herufi. Vekta hubaki mstari safi hata ukikuza vipi. Rasta, yaani picha ya pikseli, inaonyesha ngazi ngazi za vijisanduku, na mara nyingi ukungu wa rangi hafifu pembezoni. Njia ya pili, ukiwa kwenye Illustrator bonyeza Ctrl+Y. Mchoro wa kweli utageuka kuwa mistari myembamba inayofuata umbo la logo. Picha itabaki kisanduku kitupu cha mstatili. Kama unatumia kompyuta yenye zana za Poppler, amri hizi mbili zinamaliza ubishi:

```
pdfimages -list nembo.pdf
pdffonts nembo.pdf
```

Ya kwanza inaorodhesha picha zote za rasta zilizomo, ya pili inaorodhesha fonti. Kwa logo iliyoandaliwa vizuri, zote mbili zinatoa vichwa vya safu tu na chini yake hakuna kitu.

Kuna faili moja nililetewa ambalo linaeleza vizuri kwa nini jambo hili huchelewa kugundulika. Ilikuwa PDF, na `pdfimages` ikaonyesha picha moja: upana pikseli 1200, urefu 1200, rangi rgb. Mteja alikuwa ameshaitumia kwenye fulana, logo ya kifuani yenye upana wa sentimita 9, na ilitoka vizuri kabisa. Lazima itoke vizuri: sentimita 9 ni kama inchi 3.54, ukigawa 1200 kwa hiyo unapata takriban pikseli 339 kwa kila inchi, na kwa kitu kinachotazamwa kwa karibu, pikseli 300 zinatosha. Kwa hiyo kila mtu aliamini faili ni zima. Kisha akataka bango lenye logo ya upana wa mita 3. Pikseli ni zilezile 1200, sasa zimetandazwa kwenye milimita 3000, yaani kila pikseli inakuwa sanduku la milimita 2.5. Zimebaki pikseli kama 10 tu kwa inchi. Bango la kutazamwa kwa mbali linavumilia pikseli chache kuliko karatasi ya mkononi, lakini si kwa kiwango hicho, hasa kwenye ukingo wa herufi nene ambako jicho linaona upesi.

Usidanganyike kwamba dawa ni kufungua picha ileile na kuandika namba kubwa zaidi ya pikseli. Programu itakisia pikseli za katikati kutokana na jirani zake, na kwenye logo makisio hayo yanakuwa ukungu. Vekta haina tatizo hilo kwa sababu haihifadhi pikseli. Inahifadhi nukta chache na mipindo inayoziunganisha, na mashine ndiyo inayopiga hesabu ya ukingo upya kwa ukubwa unaotakiwa.

Kwenye stika za kukatwa, rasta haifai hata iwe na pikseli milioni. Mashine ile ina kisu kinachofuata mstari. PNG haina mstari wa kufuatwa, ina rangi tu. Hapo mchapaji akikosa vekta atatumia zana ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe, na matokeo yake hayafurahishi. Herufi O iliyochorwa vizuri ina nukta 8, nne za nje na nne za ndani. Ikipitishwa kwenye ugeuzaji huo kutoka picha ndogo inaweza kurudi na makumi ya nukta, duara lina vinundu, na pembe kali za herufi kama E zimeviringika. Kisu kinafuata kila kinundu. Kama mchoro wako wa asili umepotea, weka PNG chini kama kivuli kwenye leya iliyofungwa, uichore upya juu yake kwa kalamu ya programu, na herufi uziandike tena kwa fonti halisi. Ni kazi ya uvumilivu, lakini ndiyo inayokupa faili la kuaminika.

Ukishakuwa na vekta, kuna mambo ya kumalizia kabla hujatuma. Geuza maandishi yawe maumbo: Illustrator ni Type > Create Outlines, Inkscape ni Path > Object to Path. Usipofanya hivyo na fonti isiwepo kwenye kompyuta ya mchapaji, programu yake inaweza kuweka fonti nyingine na jina la mteja likabadilika sura. Fanya hivyo kwenye nakala, kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kusahihisha herufi kwa kuandika. Mistari yenye unene nayo igeuze kwa Outline Stroke au Stroke to Path. Mstari ambao haujageuzwa unaweza kubaki na unene uleule logo inapopunguzwa, ukameza nafasi nyeupe kati ya maumbo. Vivuli na mng'ao viondoe kabisa, maana hivyo hugeuka rasta ndani ya faili lako la vekta bila wewe kuona.

Rangi ziweke CMYK, na kama mteja ana rangi maalumu ya Pantone acha namba yake ndani ya faili. Bluu na kijani zinazong'aa kwenye skrini ndizo zinazofifia zaidi zikigeuzwa, na ni afadhali uzione na kuzirekebisha wewe kuliko mashine iamue. SVG ni vekta safi, lakini rangi zake kimsingi ni za skrini, na PDF ya Inkscape kawaida hutoka RGB. Ukituma hizo, andika thamani za CMYK kwenye ujumbe.

Kwa hiyo kwa huyo mchapaji wako tuma PDF ya vekta, na EPS ikiwa tu ameiomba kwa ajili ya mashine ya zamani. Ongeza toleo la rangi moja, nyeusi tupu, kwa sababu stika na mihuri vitalihitaji. PNG mwachie mteja kwa tovuti na mitandao. Faili la kazi lenye maandishi yanayoharirika baki nalo mwenyewe, au mkabidhi mteja ikiwa mkataba wenu unasema hivyo.