Chumba chenye samani Mtwara: mpangaji wa mkataba hajui ataondoka lini

Mwenye chumba cha kupangisha hapa Mtwara amezoea lugha moja: kodi ya miezi sita mbele, dalali anachukua ya mwezi mmoja, funguo hizi hapa. Kwa mwalimu aliyehamishiwa mjini hakuna tatizo. Lakini fundi aliyeletwa kwa kazi ya miezi mitatu bandarini, kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote au kwenye mitambo ya gesi kule Madimba hawezi kulipa miezi sita. Na hata hiyo mitatu hana uhakika nayo. Kazi inaweza kuisha mapema, au kampuni ikamwongezea mwezi. Kwa hiyo anaishia gesti. Gesti ya 25,000 kwa usiku ni 750,000 kwa mwezi, tena chumba hakina hata pa kuchemshia chai.

Huyo ndiye mtu wangu. Chumba changu ni masta, kipo Shangani, nakipangisha 240,000 kwa mwezi pamoja na samani. Kikiwa kitupu, mtaa huu kingepata 100,000. Hesabu yenyewe ukiifanya kwa uangalifu haishangazi sana, kwa sababu chumba cha namna hii hakijai mwaka mzima. Chukua miezi tisa yenye mtu: 2,160,000. Kitupu kwa miezi kumi na miwili: 1,200,000. Tofauti ni 960,000, na samani za heshima zinaweza kukugharimu karibu mara mbili ya hiyo. Maana yake mwaka wa kwanza unarudisha hela ya kitanda na jokofu, faida unaanza kuiona baadaye. Kama una shida ya fedha za haraka, pangisha kitupu.

Kinachomvuta mpangaji wa aina hii ni masharti, kuliko hata kochi. Tangazo langu nimeliandika hivi, nalibandika WhatsApp na kwenye makundi ya Facebook ya mji:

"Chumba masta chenye samani, Shangani. Kitanda 5 kwa 6, jokofu, feni, jiko la gesi, pazia zito kwa anayelala mchana. Kodi 240,000, unalipa mwezi kwa mwezi. Amana 100,000, inarudi siku ya kukabidhi funguo. Kazi ikiisha, niambie siku saba kabla. LUKU unanunua mwenyewe, maji yamo. Hakuna dalali."

Sehemu ya amana na siku saba ndiyo wanayoiulizia kwanza wakipiga simu. Siku saba nimezichagua kwa sababu wengi huambiwa tarehe ya kuondoka wiki moja hivi kabla. Ukidai notisi ya mwezi atakubali mdomoni, kisha ataondoka usiku. Kinga yangu ni mbili tu. Mwezi wa kwanza unalipwa wote na haurudi, na siku zinazozidi baada ya mwezi kamili natoza 10,000 kwa siku badala ya 8,000.

Kuna fundi umeme alikuja kwa kazi ya miezi mitatu. Alilipa amana 100,000 na kodi ya mwezi wa kwanza, akalipa wa pili, akalipa wa tatu. Siku ya nne ya mwezi wa tatu akaniambia wanamaliza wiki ijayo. Akatoka siku ya 11. Siku 11 kwa 10,000 ni 110,000, kwa hiyo katika 240,000 aliyolipa nilikuwa na deni lake la 130,000. Birika la umeme lilikuwa limeungua, nalo kwenye orodha yetu tuliliandika 25,000. Amana ikabaki 75,000. Jumla nikamtumia 205,000 kwa simu tukiwa bado tumesimama mlangoni, kabla hajapanda basi la Dar. Mwenzake aliyebaki kazini ndiye aliyeingia chumbani baada yake.

Hesabu ile ilikwenda bila maneno kwa sababu ya karatasi. Siku ya kuingia tunazunguka chumba pamoja, naandika kila kitu na bei yake ya kukinunua upya, tunapiga picha, kila mmoja anabaki na nakala yenye sahihi mbili. Andika bei siku hiyohiyo. Ukisubiri kitu kiharibike ndipo utaje bei, hakuna atakayekuamini. Kuchakaa kwa kawaida simkati mtu. Shangani hewa ya chumvi inakula chuma, na kitanda cha chuma kitashika kutu hata kama mpangaji ni malaika, ndiyo maana changu ni cha mbao. Na amana naiweka kwenye laini nyingine ya simu. Si hela yangu mpaka siku ya funguo, na nikiila, ahadi iliyo kwenye tangazo inakuwa uongo.

Kuhusu LUKU, usiandike kamwe "kila kitu kimo". Anayetoka kazini asubuhi atawasha feni mchana kutwa, na kama kuna kiyoyozi ndiyo kabisa. Chumba kiwe na mita yake. Kama mnachangia mita, weka mita ndogo ya kusoma matumizi ya chumba hicho, msome pamoja kila mwisho wa mwezi.

Matangazo ya mtandaoni yanaleta wapigaji simu wengi, lakini wapangaji wazuri wanatoka kwa mtu wa utawala kwenye kampuni ya mkandarasi, yule anayewatafutia wageni malazi. Nenda na picha zilizochapishwa na masharti kwenye ukurasa mmoja. Usimwahidi asante ya mfukoni, mwahidi kwamba simu ikipigwa jioni chumba kitakuwa tayari kesho. Kampuni ikilipa kodi yenyewe, jua kwamba inapaswa kukata asilimia 10 kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Utapokea 216,000, si 240,000. Dai cheti cha zuio na ukitunze, kitakusaidia siku ya kufanya hesabu za kodi ya mapato. Watakuomba TIN na ankara, viandae mapema. Anayejilipia mwenyewe naye atataka risiti ya kupeleka kazini, mwandikie yenye tarehe za kukaa.

Majira nayo yana la kusema. Minada ya korosho inapoanza, kwa kawaida Oktoba, mji hujaa watu wa maghala, wapima ubora na wasafirishaji. Tangazo la chumba litoke Septemba, siyo wakati wameshapata pa kulala. Mvua zikikolea kuelekea Januari kazi nyingi za barabara hupungua kasi, na hapo ndipo miezi mitupu hutokea. Wakati huo nashusha hadi 200,000 kwa atakayekaa miezi miwili, lakini amana siigusi.

Wa kumkataa unamjua mapema. Anasema amana ataleta mshahara ukitoka. Hataki kutoa kitambulisho nikimwambia jina lake litaandikwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Au anaulizia chumba cha mtu mmoja, halafu katikati ya mazungumzo "sisi" inaanza kusikika. Wanne kwenye masta moja watamaliza godoro na maji kabla ya mwezi, na 100,000 yako ya amana haitatosha hata godoro. Kwenye karatasi yangu idadi ya wanaolala imeandikwa: mmoja, mgeni wa usiku mbili anaruhusiwa kwa taarifa.