Maandishi na stika juu ya skrinshoti: kinachorudi na kisichorudi

*Wakuu, mama yetu alifariki mwezi wa tatu. Picha pekee anayocheka ni skrinshoti niliyopiga kwenye status ya shangazi. Chini ina utepe mweusi wenye maandishi "Hongera dada yangu", na shavuni shangazi kaweka stika ya kopa jekundu. Kuna jamaa anataka elfu thelathini, anasema atafuta vyote picha ya chini itokee. Inawezekana kweli?*

Pole sana kwa msiba, mkuu. Hela usitoe kwanza. Nina studio ndogo ya picha hapa Morogoro na kazi za namna hii huletewa mara kwa mara, zaidi baada ya misiba. Kwenye picha yako kuna vitu vitatu na kila kimoja kina hukumu yake: utepe, herufi na kopa.

Simu inapopiga skrinshoti haihifadhi picha moja na stika nyingine juu yake. Inahifadhi rangi moja tu kwa kila nukta ya kioo, ile iliyokuwa inaonekana wakati ule. Pale penye kopa jekundu, nukta ni nyekundu, basi. Shavu halijajificha chini yake kama ukuta chini ya bango, halimo kabisa kwenye faili. Anayesema ana programu ya "kufunua" stika atachora shavu la kubuni. Hilo nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimchorea mteja jicho la marehemu baba yake lililokuwa limefunikwa na stika ya miwani. Nilinakili jicho la pili, nikaligeuza, nikaridhika nayo. Dada wa marehemu akaitazama sekunde tatu hivi akasema, "Huyu siyo kaka." Kumbe jicho lile lilikuwa na kope lililolegea tangu utotoni. Hela nilirudisha.

Utepe mweusi ni habari nyingine, kwa sababu mara nyingi si mweusi kamili. Ni kama pazia jepesi: ukikaza macho unaona kitambaa cha nguo kinapita chini yake. Ikiwa unakiona hata kidogo, basi picha imo, imefifishwa tu, na hapo hesabu inafanya kazi.

Fungua skrinshoti kwenye kompyuta kwa GIMP, ni ya bure. Chukua kile chombo cha kuchagulia rangi, gusa sehemu ya ukuta iliyo juu kidogo ya mpaka wa utepe, kisha gusa ukuta uleule ndani ya utepe. Andika namba zote tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Picha ya mama mmoja niliyoifanya juzijuzi ilinipa 200, 186, 150 nje na 100, 93, 75 ndani. Nusu kamili. Nikajaribu tena kwenye kitenge cheusi-cheusi: 60, 40, 30 nje na 30, 20, 15 ndani. Nusu tena. Jaribio hilo la pili usiliruke. Kama mahali penye giza pangekuwa pameng'aa badala ya kufifia, pazia lisingekuwa jeusi bali la kijivu au jeupe, na dawa yake ni tofauti.

Kwa kuwa kila namba ilikuwa imegawanywa kwa mbili, kazi ni kuzidisha kwa mbili. Chagua eneo la utepe kwa kisanduku, sawasawa kabisa na mpaka wake, ingia `Colors > Levels`, na kwenye sehemu ya `Input Levels` ile 255 ya kulia ibadilishe iwe 128. Nusu ya 255 ndiyo hiyo. Kama utepe wako umebakiza sehemu mbili tu kwa tano, weka 102. Pazia likiwa jeupe la nusu, huigusi ya kulia. Unapandisha ile 0 ya kushoto hadi 128. Ukipata sawa, mpaka wa utepe unapotea na ukuta unaendelea bila alama. Ukibaki na mstari, namba yako imekosea kidogo, sogeza moja moja.

Wakati mwingine utepe unaanza mwepesi juu na kukolea kadiri unavyoshuka. Hapo namba moja haitoshi. Mimi huugawa kwa vipande vyembamba vya mlalo, nikipima kila kimoja pembeni ambapo ukuta ni wa rangi moja. Inachosha, lakini inakubali.

Mipaka ipo. Pazia la nusu linabakiza ngazi 128 za mwanga kati ya 256, na jicho halilalamiki. Pazia lililobakiza moja kwa tano linaacha kama 51 tu, kwa hiyo ukiling'arisha ngozi inatoka na ngazi ngazi kama mistari ya ramani ya milima. Kibaya zaidi ni kama faili limepita WhatsApp kama picha: linabanwa kuwa JPEG, na vitu vidogo vidogo vya gizani ndivyo vinavyotupwa. Ukizidisha unaona vijisanduku vya nukta nane kwa nane. Kwa hiyo fanya kazi na skrinshoti ileile iliyo kwenye simu uliyopigia, na kuihamisha itume kama dokumenti au tumia waya.

(Ukiona hivyo, mnaoficha namba ya simu kwenye skrinshoti za miamala kwa ile kalamu pana inayopitisha mwanga, mjue mtu anaweza kuizidisha vilevile. Funikeni kwa kisanduku kilichojaa rangi.)

Zikabaki herufi nyeupe. Zenyewe zimejaa, chini yake hakuna kitu. Lakini mguu wa herufi ni mwembamba, nukta chache tu, na pande zote mbili una kitambaa halisi ulichokwisha kukirudisha. Tumia chombo cha `Heal`, brashi ndogo inayozidi unene wa herufi kidogo tu, uazime kutoka nukta za jirani. Ni kubuni, ndiyo, ila ni kubuni uzi wa kitenge kati ya nyuzi mbili unazoziona. Anza na utepe, ndipo herufi. Ukianza na herufi utaazima rangi iliyofifia.

Sasa kopa. Kabla ya kugusa kompyuta mpigie shangazi. Stika iliwekwa juu ya nakala iliyokwenda status; picha aliyoichagua kwenye galari haikuguswa. Mwambie atafute tarehe ile kwenye galari, halafu Google Photos, kisha akaunti ya simu yake ya zamani. Kama aliwahi kumtumia mtu picha hiyo kwenye WhatsApp kwa Android, nakala huwa hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Sent
```

Wengi hufuta soga wakaacha folda hii. Yule mama wa kitenge tulipata hivyohivyo: nilishamaliza utepe na herufi kwa saa mbili, mdogo wake akaja na simu iliyopasuka kioo, picha nzima imo humo, haina hata nukta moja juu yake. Nilimtoza hela ya kuchapisha tu.

Shangazi akikosa, niletee skrinshoti pamoja na picha nyingine za mama za miaka hiyohiyo, upande uleule wa uso. Shavu nitaliazima huko, na nyuma ya picha nitaandika kwa kalamu sehemu ipi si yake.