Anza na nambari, rudi nyuma hadi kwenye mizani

Mwezi wangu wa pili kazini katika chama cha ushirika cha maziwa hapa Nakuru, meneja aliniwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ripoti yangu: "Maziwa yaliyopokelewa Machi, lita 186,420." Ya pili ilitoka kiwandani, ambako mita inasoma maziwa yanapopigwa pampu kutoka kwenye lori: lita 179,850. Akaniuliza, "Hizi lita elfu sita na mia tano na kitu zimekunywewa wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimerithi ripoti ile ikiwa tayari, nikawa nabonyeza tu kitufe cha kuihuisha kila mwisho wa mwezi.

Wewe unayeanza kazi ya data, pengine utarithi ripoti kama hiyo. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani yake, chukua karatasi, uilaze kwa mapana, uchore nambari hiyo imetoka wapi. Usijaribu kuchora hifadhidata yote. Mimi nilianza hivyo, nikajaza karatasi nne za mishale ambayo hata mwenyewe sikuielewa kesho yake. Chagua nambari moja tu, iandike upande wa kulia, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto ukiuliza kila hatua: hii imeletwa na nini?

Nambari yangu ilikuwa kwenye seli ya Excel. Nilipoibofya, juu ilisomeka hivi:

```
=B4+Kituo7!C35
```

Tayari mishale miwili. `B4` ililetwa na kiungo cha hifadhidata ya PostgreSQL, kutoka kwenye mwonekano, yaani kweri iliyohifadhiwa ikasomwa kama jedwali, unaoitwa `v_mapokezi_mwezi`. `Kituo7` ilikuwa karatasi nyingine ndani ya faili lilelile, na hiyo ndiyo iliyonishtua. Kuna kituo kimoja upande wa Subukia ambako mtandao hukatika ovyo, kwa hiyo karani wake hutuma jumla za siku kwa WhatsApp, na mtu ofisini huzinakili kwa mkono. Hakuna kweri ya SQL ambayo ingenionyesha mshale huo. Ndiyo maana nasisitiza uanzie kwenye ripoti yenyewe, usianzie kwenye hifadhidata: ukianzia kwenye hifadhidata utaona majedwali yaliyomo, lakini yale yanayoingilia mlango wa nyuma hutayaona.

Kuhusu mwonekano, katika `psql` andika `\d+ v_mapokezi_mwezi` nayo itakuonyesha kweri iliyoujenga. Wangu ulikuwa mfupi:

```sql
SELECT date_trunc('month', tarehe) AS mwezi,
       SUM(kiasi) AS lita
FROM mapokezi
GROUP BY 1;
```

Soma mstari wa pili polepole. Safu inaitwa `kiasi`, haisemi ni kiasi cha nini. Ni mwonekano ndio unaoibatiza jina la `lita`. Nilipita mstari huo mara tatu bila kuuona.

Kilichonifanya niuone ni maswali matatu ninayoyaandika sasa ndani ya kila kisanduku cha ramani: mstari mmoja wa jedwali hili ni kitu gani, kipimo chake ni kipi, na nani anauandika. Kwa `mapokezi`, la kwanza lilikuwa rahisi: mkulima mmoja, zamu moja, asubuhi au jioni. La tatu pia: karani wa kituo, kwa simu, mkulima akiwa amesimama mbele yake. La pili nikaandika "lita?" na alama ya kuuliza, kisha nikapanda matatu alfajiri kwenda kituo kimoja cha Njoro.

Mama mmoja akaleta mkebe wake. Karani akachovya laktomita kuangalia kama maziwa yametiwa maji, akaridhika, akamimina maziwa kwenye ndoo iliyoning'inia kwenye mizani. Ikasoma 12.4, naye akaandika 12.4 kwenye simu na kwenye kadi ya mama. Pembeni ya kioo cha mizani, kwa herufi ndogo zilizokuwa zimefifia, kulikuwa na `kg`.

Lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukimtazama mkulima mmoja huwezi kuigundua: kilo 12.4 ni lita 12 na kidogo. Ukijumlisha mwezi mzima ndipo inapoonekana. Kilo 186,420 ukigawa kwa 1.03 unapata lita 180,990. Kumbe zile lita elfu tano na mia nne hazikuwahi kuwepo. (Kituo cha Subukia nilikiuliza kwa simu, nao wanapima kwa kilo, kwa hiyo mishale yote miwili iligawanywa sawa.)

Hapa kuna tabia ya kujifunza mapema. Ukishachora mishale, chagua mwezi mmoja na uandike jumla halisi juu ya kila mshale. Yangu ikawa hivi:

```
mapokezi ------> v_mapokezi_mwezi --+
(kilo)           178,220            |
                                    +--> 186,420 kilo --/1.03--> 180,990 lita
karatasi Kituo7 --------------------+
(kilo, kwa mkono)  8,200

mita ya kiwanda ------------------------------------> 179,850 lita
```

Ramani bila nambari ni picha tu. Ikiwa na nambari, pale zinaporuka bila sababu ndipo penye kasoro. Mfano mwingine wa kuruka utakaoukuta mara nyingi ni jumla inayoongezeka baada ya majedwali mawili kuunganishwa: mkulima ana nambari mbili za simu, basi maziwa yake yanahesabiwa mara mbili. Kwangu haikuwa hivyo, ila ni jambo la kwanza ninalolitafuta.

Zilibaki lita 1,140 kati ya ile mistari miwili. Nikachora upande wa kiwanda kwa maswali yaleyale matatu, na swali la "mstari mmoja ni kitu gani" likanipa jibu: mita inahesabu maziwa yaliyopigwa pampu pekee. Yanayofika yakiwa yameharibika hukataliwa na maabara kabla ya pampu, na huandikwa kwenye daftari lao. Machi zilikataliwa lita 870. Kikawa kisanduku kipya, na pembeni nikaandika "daftari, si mfumo", maana atakayerithi ramani hii lazima ajue kwamba hapo atatembea kwa miguu.

Lita 270 zilizobaki zilinisumbua siku mbili. Mwishowe ilikuwa suala la tarehe. Maziwa ya jioni hulala kwenye tangi la kupozea kituoni na kufika kiwandani kesho yake. Kwa hiyo jioni ya tarehe 31 Machi iko ndani ya Machi yangu lakini iko Aprili ya kiwanda, na jioni ya mwisho ya Februari inaingia kinyume chake. Jioni hizo mbili zingelingana, zingefutana, lakini mvua za masika zilikuwa zimeanza na ng'ombe wameongeza maziwa, hivyo tofauti ikawa lita 215. Nimeuchora mshale huo kwa vitone, kwa sababu mwezi mwingine unaweza kugeuka upande wa pili.

Nilimrudishia meneja karatasi moja yenye visanduku sita, tarehe niliyoichora ikiwa pembeni juu, na kichwa cha ripoti kikiwa kimebadilishwa kuwa "kilo". Akaifuata kwa kidole hadi mwisho, akauliza zile lita 55 ambazo bado hazina kisanduku. Dereva wa lori, aliyekuwa mlangoni akingoja kusainiwa hati ya mafuta, akajibu kabla yangu: "Hizo ziko ndani ya mikebe, bosi. Njoo uzioshe uzione."