Sekunde 30 za "Tueleze kuhusu wewe"

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia inboksi: "Kaka, nimetoka kwenye intavyuu leo, swali la kwanza tu nikaona wameshanichoka." Nikamwomba anirekodie alichojibu, vilevile alivyokisema. Sauti ilikuja na dakika mbili na ushee. Alianza na kuzaliwa Korogwe, mtoto wa tatu kati ya watano, akapita shule ya msingi, sekondari, chuo, akamalizia kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na hahitaji kusimamiwa. Kwamba ni msaidizi wa mhasibu kwa mwaka wa pili sasa, alikugusia kwa sentensi moja, tena katikati.

Iliniuma kwa sababu nimepitia palepale. Kuna ofisi moja hapa Dar, siitaji jina, mwenyekiti wa jopo alinikatisha nikiwa bado sijamaliza habari za kidato cha sita. "Hayo tunayo kwenye karatasi, kijana." Kisha akainamia simu yake. Leo mimi naketi upande ule wa meza kwa ajira za idara ya fedha, nafasi niliyoitolea jasho, na bado nikilikumbuka lile neno "kijana" nasikia joto usoni. Hakuwa na adabu. Lakini la karatasi alisema kweli.

Jamani, tuambiane ukweli. Tunapouliza swali lile, baadhi yetu ndiyo kwanza tunafunua CV yako. Tunatafuta jambo moja la kushika ili tukuulize zaidi. Ukitupa maisha yako yote, hatushiki kitu. Kwa Kiswahili kinachosemwa bila haraka, sekunde 30 zinabeba maneno kama 60 hivi, basi kila sentensi lazima iwe na kazi.

Dada yule tulikaa naye kwenye simu tukaandika upya. Baada ya jina lake, ikawa hivi:

"Kwa sasa ni msaidizi wa mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Gerezani. Naingiza mauzo ya kila siku na kuandaa ritani za VAT. Nilipoanza, hesabu za benki na za vitabuni zilikuwa hazijasawazishwa kwa miezi mitatu. Nilizisawazisha, na sasa tunafunga mwezi ndani ya siku tano. Tangazo lenu linataka mtu wa kufunga hesabu za matawi manne, na hiyo ndiyo kazi ninayoitafuta."

Angalia mpangilio: ulipo sasa, jambo moja ulilolifanya likaonekana, kisha kilichokuleta kwao, ukikichukua kwenye tangazo lao wenyewe. Chuo hakimo, kimo kwenye CV. Kama ndiyo kwanza umemaliza masomo, fildi yako ndiyo inakaa pale pa kazi ya sasa, na chuo unakitaja kwa maneno machache tu.

Jirekodi kwa sauti ya WhatsApp, maana sekunde unaziona zikihesabika. Ukifika 45, kata maelezo ya majukumu, yale ya mauzo na ritani. Usikate miezi mitatu na siku tano. Wengi hufanya kinyume, wanabakiza majukumu ambayo kila msaidizi wa mhasibu anayo. Na swali likija kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, kwa hiyo jirekodi kwa lugha zote mbili. Usikariri neno kwa neno, kariri mpangilio na zile tarakimu. Aliyekariri tunamjua, akikohoa tu anarudi mwanzo.

Utajuaje kama limefanya kazi? Sikiliza swali la pili. Wakikuuliza, "Hiyo tofauti ya benki na vitabu ilitoka wapi?" ujue wameshika, na sasa mnazungumzia kazi yako. Wakirukia "Unajua nini kuhusu kampuni yetu?" huenda hawakupata cha kushika. Ndiyo maana nilimbana dada yule hadi akaeleza: makato ya benki yasiyoingizwa vitabuni, na malipo ya wateja kwa simu yaliyoingia bila namba ya ankara. Alikuwa anayajua yote. Hakuwahi kufikiri kuna mtu angependa kuyasikia. Usitaje tarakimu ambayo huwezi kuieleza hivyo kwa dakika nzima.

Kuna majopo, hasa ya ajira za serikali, yenye maswali yaliyopangwa na alama zake, kila msailiwa anaulizwa yaleyale. Huko usitegemee swali la nyongeza. Ongeza sentensi moja ya jinsi ulivyosawazisha humohumo kwenye utambulisho, ukitoa ile ya majukumu, kisha nyamaza uwasubiri waandike.