Kapu moja kwa wateja 40 wa dini tofauti: niweke nini?

Swali: Niko utawala kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Desemba tunawapelekea wateja 40 kapu la mwaka mpya, bajeti shilingi 60,000 kila moja. Kuna Waislamu, Wakristo (wawili ni Wasabato), Wahindu, familia moja ya Wajaini, na Wachina sita wa kampuni za ujenzi. Bosi anataka mvinyo, chokoleti, diari ya ngozi na saa ya ukutani yenye nembo yetu. Mimi nina wasiwasi. Nitengeneze makapu matano tofauti?

Jibu: Makapu matano usitengeneze, dada. Dereva akishapakia gari yote yanafanana, na chupa ya mvinyo itateremkia kwa Alhaji. Tengeneza kapu moja ambalo mteja mwenye masharti mengi kuliko wote atalipokea bila kusita, na wengine wote wataingia humo humo.

Kwenye orodha yako mwenye masharti mengi ni yule Mjaini. Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai, na wengi wao hawagusi vitunguu, vitunguu saumu na viazi, kwa sababu ukiving'oa unaua mmea mzima pamoja na vijidudu vya ardhini. Wanaoshika sana hata asali hawatumii. Pombe pia hapana. Ukianzia kwake, umeshawamaliza Waislamu kwa sehemu kubwa, na Wahindu wasiokula nyama. Wasabato wanabaki na jambo moja zaidi: wengi wao hawanywi kahawa wala chai ya majani. Kwa hiyo ile kahawa nzuri ya Kilimanjaro, ambayo najua ulishaifikiria, iache.

Kinachobaki si kidogo. Korosho za Mtwara, tende, na viungo vizima vya Zanzibar: karafuu, hiliki, mdalasini. Nasema vizima makusudi. Mchanganyiko wa pilau wa pakiti mara nyingine huwa na unga wa kitunguu saumu, na korosho za "ladha" huwa na unga wa kitunguu. Chukua korosho zilizokaangwa kwa chumvi peke yake, na zifungwe kwenye chupa yake yenye mfuniko, maana kuna watu mwili unakataa kabisa karanga na korosho, na hao hawatakiwi hata vumbi lake kwenye tende.

Chokoleti ndiyo inayoangusha wengi, kwa kuwa kwa nje haina kosa. Geuza boksi usome viambato. Kwanza tafuta pombe: ramu, brandi, au kileo chochote ndani ya kijazio. Kisha jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe, na hukaa zaidi kwenye peremende laini za kutafuna na vijazio vya kuvutika. Halafu angalia namba. E120 ni rangi nyekundu inayotengenezwa kwa wadudu. E471 inaweza kuwa ya mimea au ya mafuta ya mnyama, na namba yenyewe haikwambii ni ipi. Ukiikuta na pakiti haina alama yoyote ya kukuhakikishia, irudishe rafuni.

Alama zipo mbili zitakazokurahisishia. Ya kwanza ni alama ya halali. Kwa bidhaa za hapa nyumbani Bakwata hutoa vyeti. Ya pili iko kwenye vyakula vilivyofungwa India, na maduka ya Kihindi mjini yamejaa bidhaa hizo: mraba mdogo wa kijani wenye doa la kijani katikati. Maana yake hakuna nyama, samaki wala yai. Ila doa hilo halihusu asali wala vitunguu, kwa hiyo kwa Mjaini bado utasoma viambato, na kwa Mwislamu bado utaangalia pombe.

Sasa diari. Hapa nimewahi kuumbuka mwenyewe. Mwaka mmoja nilipeleka diari za ngozi kwa mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindu, mtu mpole sana. Jioni akanipigia: "Bwana, hii ngozi ya mnyama gani?" Nilikuwa sijui, na kutojua kwangu ndiko kulikokuwa jibu. Asubuhi diari ikarudi mapokezi, imefungwa vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. Ng'ombe kwa Mhindu ni kitu kingine. Na Mwislamu ataogopa isiwe nguruwe. Agiza jalada la kitambaa, na kama muuzaji anakwambia ni ngozi bandia, angalia ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama sifongo, bandia utaona kitambaa chini ya utando wa plastiki.

Saa ya ukutani usiipeleke kwa Wachina. Kwa Kichina maneno "kumpa mtu saa" yanasikika sawasawa na maneno ya kumhudumia mzazi anayekata roho mpaka kumzika. Saa ya mkononi ina jina jingine, haina neno. Bosi asije akasema basi tuwape miavuli: jina la mwavuli linafanana na neno la kutawanyika, na si zawadi ya kumpa mshirika wa biashara. Kofia zenye nembo nazo angalia rangi. Mwanamume wa Kichina kuvaa kofia ya kijani ni kusema mkewe ana bwana nje. Najua saa, mwavuli na kofia ndivyo vitu ambavyo kila kampuni mjini huchapisha. Ndiyo maana nimevitaja vyote vitatu. Vitu visiwe vinne ndani ya kapu lao, kwani kwa Kichina namba nne hutamkwa karibu sawa na neno la kifo. Hapo una korosho, tende, viungo, chokoleti, diari: vitano. Pita.

Kadi iandike "Heri ya Mwaka Mpya", bila picha ya mti wa Krismasi, na majina ya wateja yasiandikwe kwa wino mwekundu, maana kwa Wachina ni mkosi. Kwenye diari msichapishe aya ya Biblia wala ya Kurani. Sisemi hivyo kwa sababu ya imani ya mtu mwingine tu: mwaka ukiisha diari inatupwa au inafungiwa maandazi, na mwenye aya yake hatapenda kuiona huko. Karatasi ya kufungia iwe nyekundu au ya dhahabu. Nyeupe tupu iache, Wachina na Wahindu huihusisha na msiba.

Usikisie dini kwa jina. Mwenye sura na asili ya Kihindi anaweza kuwa Mhindu, Mbohora, Ismailia, au Mgoa Mkatoliki anayependa sana huo mvinyo wa bosi. Piga simu kwa katibu muhtasi wake, uulize hivi: "Tunaandaa zawadi ya ofisi, kuna kitu bosi hatumii?" Dakika mbili, wala haichekeshi mtu. Uliza pia kama kampuni yao inaruhusu zawadi, maana mashirika mengine yana kiwango na mengine hayapokei kabisa. Hapo peleka kadi peke yake.

Kama bosi bado ana hamu na mvinyo, ampelekee mwenyewe kwa mkono yule anayemjua vizuri, nje ya kapu. Na tengeneza makapu 42, si 40. Kuna mteja utakayemkumbuka tarehe 30.