Kumwandikia mhitimu aliyekutangulia: majibu kwa wasomaji

Nasoma Sayansi ya Chakula, mwaka wa mwisho, SUA Morogoro. Kuna dada aliyehitimu kozi yetu ambaye sasa anasimamia ubora katika kiwanda cha unga. Nilimwandikia: "Shikamoo dada, mimi ni mdogo wako wa SUA, naomba uniongoze kuhusu tasnia ya chakula, na kama kuna fursa yoyote usinisahau." Wiki mbili hajajibu. Nimekosea wapi?

Kipande cha mwisho ndicho kilichomfunga mdomo. Mtu anayesimamia ubora mara nyingi si yeye anayeajiri, kwa hiyo alipofika kwenye "fursa yoyote" alijikuta anadaiwa kitu asichokuwa nacho, na aliyedaiwa hivyo huona kunyamaza ni afadhali kuliko kukataa. Lakini hata kipande cha kwanza hakikumsaidia kujibu, kwa sababu tasnia ya chakula ni pana mno na hukumwonyesha aanzie wapi. Kabla ya kutuma ujumbe wa aina hii, jiulize kama mtu asiye na mamlaka yoyote ya kuajiri angeweza kuujibu wote kwa yale anayoyajua tu. Ikiwa kuna sentensi ambayo hangeweza kuijibu, hiyo ndiyo inayodai kazi, hata kama neno "kazi" halimo.

Swali zuri hupatikana pale masomo yako yanapoishia na kazi yake inapoanzia. Darasani mmefundishwa kwamba sumukuvu haisambai sawasawa katika mahindi, hivyo gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake likawa na sumu nyingi, na kwamba kipimo kinategemea sana namna sampuli ilivyochukuliwa. Ambacho pengine hamkuonyeshwa ni jinsi uamuzi unavyofanyika lori likiwa limesimama getini na dereva anataka kushusha mzigo. Hilo dada huyo analijua kwa mikono yake, na nadhani atafurahi kuulizwa. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Naitwa ……, niko mwaka wa mwisho wa Sayansi na Teknolojia ya Chakula, SUA. Nimeona LinkedIn kwamba ulisoma kozi hii na sasa unasimamia ubora katika kiwanda cha unga. Tumejifunza kupima sumukuvu, lakini sijaelewa kiwanda kinaamuaje kupokea au kukataa lori la mahindi huku dereva akisubiri. Naomba dakika 20 za kuzungumza nawe kwa simu kuhusu jambo hilo, na kuhusu jinsi ulivyoingia katika kazi hii. Nina nafasi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 11 jioni, ila nitafuata muda utakaokufaa, na nitapiga mimi. Ukiwa umebanwa na majukumu nitaelewa. Asante."

Tazama kwamba muda umetajwa, mpigaji ametajwa, na mlango wa kukataa umeachwa wazi bila kumtia aibu. Usimuulize majina ya wanaowauzia mahindi wala idadi ya malori yaliyokataliwa, kwa sababu hizo ni siri za mwajiri wake na swali la namna hiyo litamfanya akuogope. Kwa kuwa ule ujumbe wa kwanza umeshafika, unaweza kutuma huu ukiutanguliza kwa sentensi moja tu: "Ujumbe wangu wa mwanzo haukueleza vizuri nilichotaka kukuuliza." Usiandike aya nzima ya kuomba radhi.

LinkedIn inakataa ujumbe mrefu ninapoomba kuunganishwa na mtu. Nifupisheje?

Nafasi hiyo ni finyu sana, na kwa akaunti isiyolipiwa panga kutozidi herufi 200. Usijaribu kuingiza ombi zima humo, omba ruhusa ya kuandika zaidi: "Habari za kazi. Niko mwaka wa mwisho, Sayansi ya Chakula SUA. Ningependa kukuuliza jinsi kiwanda kinavyopima sumukuvu mahindi yanapofika. Je, naweza kukuandikia kwa kirefu?" Akikubali, ndipo utume ule mrefu, siku hiyo hiyo.

Nianze na shikamoo au la? Na niandike Kiswahili au Kiingereza?

Kama amehitimu miaka ya 1990 au kabla, shikamoo ni haki yake na usipoiandika ataona pengo. Kama amekutangulia kwa miaka minne au mitano, "habari za kazi" inatosha, kwa kuwa shikamoo inaweza kumzeesha mbele ya mtu anayemwona kama mwenzake. "Dada" na "kaka" hufaa kwa waliopishana kidogo, na pale usipojua umri wake "Ndugu" haimkosei mtu. "Mheshimiwa" waachie viongozi. Kuhusu lugha, fuata ile anayoitumia mwenyewe katika ukurasa wake. Ikiwa anachanganya zote mbili, Kiswahili fasaha hakitakupunguzia heshima.

Niambatishe wasifu wangu ili anifahamu?

Hapana. Ukiuambatisha, maneno yote mazuri uliyoandika juu yake yatasomwa kama barua ya maombi ya kazi.

Ukweli ni kwamba natafuta kazi. Nikijifanya nataka mazungumzo tu, si nitakuwa namdanganya?

Swali hili ninalithamini kuliko mengine yote, kwa sababu wengi huandika kwa hila na hila huonekana. Huna sababu ya kuficha. Mhitimu yeyote anajua kwamba mtu wa mwaka wa mwisho anatafuta kazi, naye alikuwa hivyo. Unachopaswa kufanya ni kutomkabidhi yeye mzigo huo. Unaweza kuandika waziwazi: "Namaliza masomo Julai na nimeanza kufikiria kazi za maabara ya kiwanda, ndiyo maana nataka kuielewa kazi yenyewe kabla ya kuanza kuomba." Sentensi hiyo ni ya kweli na haimtaki akutafutie chochote. Uongo unaanza pale unapomwomba dakika 20 za kujifunza, kisha dakika ya tatu ukamuuliza kama wanaajiri. Nimewahi kupigiwa simu ya namna hiyo nikiwa kazini, na baada ya pale sikusikia tena swali hata moja alilouliza yule kijana. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumaliza maongezi.

Nimesubiri siku kumi bila jibu. Nikumbushe mara ngapi?

Mara moja. Andika sentensi mbili chini ya ujumbe ule ule ili asiutafute upya, na usiseme "naona hujanijibu". Inatosha: "Habari za leo, dada. Nakukumbusha ombi langu la hapo juu. Hata jibu fupi la maandishi kuhusu lile la lori getini litanisaidia." Mara nyingi mtu asiye na dakika 20 za simu anazo mbili za kurekodi sauti akiwa njiani kurudi nyumbani. Akinyamaza tena, mwandikie mhitimu mwingine. Katika ukurasa wa chuo kwenye LinkedIn kuna sehemu ya "Alumni" inayokuwezesha kuwachuja kwa mahali wanapoishi, wanapofanya kazi na wanachofanya.

Tuliongea vizuri, na mwishoni akaniambia mwenyewe: "Nitumie CV yako." Sasa nifanyeje?

Itume kabla hujalala, maana sasa ameiomba yeye. Anza na shukrani inayotaja jambo mahususi alilokueleza, kwa mfano namna wanavyotoboa magunia ya juu, ya kati na ya chini ili kuchota mahindi kabla ya kuchanganya sampuli, kisha useme: "Wasifu wangu ulioniomba huu hapa." Usiongeze "naomba unifikirie". Na akikupa jina la mtu mwingine wa kuzungumza naye, muulize kwanza kama unaruhusiwa kumtaja yeye katika ujumbe utakaomwandikia huyo.