Kebo yenye ngao ilivyoniumbua kwenye kinu cha unga

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kebo ya mtandao yenye ngao ya foili inaishinda isiyo na foili, popote pale. Mteja akilalamikia mota zinazovuruga mtandao, mfungie FTP, yaani hiyo yenye foili, chukua chako uondoke. Aliyenitoa ushamba huo ni kinu kimoja cha unga pale Kihonda, Morogoro.

Ofisi yao iko jengo moja, mashine ziko jengo jingine, na kebo kati yake ina kama mita 60. Upande wa mashine kuna kompyuta ya mizani ya magunia. Mwanzoni ilikuwa kwenye UTP ya kawaida, isiyo na foili, na kila mota ya kukoboa ikiwashwa, mizani inachelewa kutuma uzito. Nikavuta FTP mpya. Siku ya pili mwendesha mashine akanipigia: "Fundi, zamani ilikuwa inachelewa. Sasa hivi inakata kabisa."

Nilirudi nikiwa na hakika kwamba ni plagi tu. Nikabana plagi upya mara mbili, wapi. Ndipo nikaacha kubahatisha, nikafungua ruta ya MikroTik iliyoko ofisini na kuandika:

```
/interface ethernet print stats
```

Mstari wa kutazama ni `rx-fcs-error`, yaani pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika njiani. Mota zikiwa zimezimwa, namba haisogei. Zikiwaka, inapanda kama mita ya teksi: kwa dakika kumi nilihesabu zaidi ya 900. Kwenye UTP ile ya zamani, kwa muda huohuo, zilikuwa kama 40. Kwa hiyo ile ngao niliyoilipia ndiyo ilikuwa inaleta kelele.

Nikaanza kufuatilia ngao yenyewe inaishia wapi. Ofisini, pachi paneli ni ya chuma na imeshika foili vizuri, lakini raki haikuwa na waya wa ethi hata mmoja, na imekaa juu ya ubao. Ngao ilikuwa inaelea. Upande wa mashine soketi ilikuwa ya plastiki, kwa hiyo nilikuwa nimevua foili, nikasokota ule waya mtupu unaotembea nayo, kama sentimita 15 hivi, na kuukaza kwa skrubu kwenye kabati la umeme. Kabati hilohilo ndilo lina invata, vile vifaa vinavyoendesha kasi ya mota. Wakati nafanya hivyo nilijiona mjanja.

Nikaweka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye pachi paneli, nyingine kwenye pini ya ethi ya soketi ya ukutani. Mota zikiwaka: volti 11.

Volti hizo zinatoka wapi? Kila jengo lina nondo yake ya ethi ardhini. Filta za invata humwaga umeme kidogo kwenye ethi muda wote, ndivyo zilivyotengenezwa. Nondo ya kinuni nilipoipima ilikuwa na omu 22, na ampia nusu ikipita kwenye omu 22 inakupa volti 11. Chuma chote cha jengo lile kimeinuka volti 11 juu ya ethi ya ofisini, na ngao yangu ikazibeba zote mita 60 hadi mlangoni kwa ruta.

Nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: nikaivutia raki waya wa ethi wa kijani na njano. Volti zikashuka karibu na sifuri, nikafurahi. Kisha nikaangalia ruta: makosa yamepita 2,000 kwa dakika kumi. Klampu mita niliyoizungushia kebo ikasoma ampia 0.3. Nilikuwa nimeziunganisha ethi mbili zisizolingana kwa foili nyembamba kama ya pakiti ya sigara, na umeme wa kinu ukapata barabara ya kupitia ofisini.

Hapa mafundi wengi hukosea maelezo. Hizo ampia 0.3 za hezi 50 zenyewe haziui mtandao. Kila mlango wa RJ45 una transfoma ndogo ndani, na hezi 50 hazivuki pale. Kinachoua ni kile kinachopanda nao. Invata hukata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato ni mkali kiasi kwamba kelele yake inafika kwenye megahezi, mulemule data inamopita. Kelele hiyo ikitembea juu ya ngao, sehemu yake huvuja ndani kwenye jozi za nyaya. Msokoto wa jozi hufuta kelele inayozifikia nyaya zote mbili sawasawa, lakini hakuna jozi iliyosokotwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, hasa pale ulipoifumua ili uibane kwenye soketi.

Na kile kimkia cha sentimita 15? Mita ilikuwa inasoma karibu sifuri omu, ndiyo maana kilinidanganya. Kwa kelele ya megahezi 30, waya mwembamba wa urefu huo unakuwa na ukinzani wa kama omu 28. Kwa mita ni ethi. Kwa kelele ni kizuizi. Ngao ikihitaji kushikwa, ishikwe kuzunguka pande zote na soketi ya chuma, foili iguse chuma. Ukijikuta unasokota mkia, ujue umekosea kununua soketi.

Siku hiyo nilikata ule mkia kinuni, nikaifunga foili kwa tepu isiguse chuma chochote, na kuiacha ngao na ethi ya raki peke yake. Waya wa ethi wa kabati lenyewe sikuugusa. Huo ni wa usalama wa watu. Kisha nikaihamisha kebo, maana kwa kama mita 20 ilikuwa imelala kwenye tranki moja na nyaya za mota. Makosa yakashuka hadi 15. Kufunga ngao upande mmoja hakuzuii kelele ya juu vizuri kama kuifunga pande zote mbili, lakini pande mbili zinataka ethi moja.

Tangu hapo, kabla sijafunga ngao upande wa pili, naiacha wazi na kupima volti za AC kati yake na ethi ya pale, mashine zote zikiwa zinafanya kazi. Chini ya volti 1, nafunga. Ikizidi, natafuta kwanza kwa nini ethi hazilingani. Ndani ya jengo moja dawa ni kuziunganisha ethi kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye baa kuu ya ethi. Majengo mawili yenye nondo mbili siyavushii tena shaba, iwe na ngao au isiwe nayo, kwa sababu radi ikipiga karibu na upande mmoja, volti 11 zitakuwa utani.

Mzee mwenye kinu alikubali fiba wiki mbili baadaye, na `rx-fcs-error` ikabaki sifuri. Karibu niharibu hata hapo: fiba niliyoinunua ilikuwa ya kutundika, yenye waya wa chuma pembeni wa kuishikilia, na nilikuwa nimeshaanza kuukaza kwenye raki. Niliukata mita moja kabla ya kuingia ofisini, nikaufunga kwenye ndoano yenye kikombe cha plastiki, na fiba peke yake ndiyo ikaingia ndani.